Mzee ana safari

Mzee aliikuta sanda yake mwenyewe. Alikuwa anatafuta kadi yake ya kupigia kura ndani ya kasha la marehemu mkewe, akainua kanga mbili, chini yake akakuta kitambaa cheupe cha pamba, kipya, kimekunjwa na bado kinanukia duka. Kando yake palikuwa na kichupa cha manukato na kipande cha sabuni. Mtu aliyekwisha kuzika wazazi wake na ndugu zake wanne hahitaji kuelezwa vitu hivyo ni vya nini. Wala hahitaji kuelezwa ni vya nani, ikiwa ndani ya nyumba mgonjwa ni mmoja. Alivirudisha kama vilivyokuwa, akafunga kasha, akaenda kulala. Asubuhi alikataa uji.

Maneno yaliyonunua ile sanda yalitoka kinywani mwangu, na yalikuwa matatu tu: mzee ana safari.

Natazamia kwa ramli hapa Mikindani, kazi niliyofunzwa na babu mzaa mama huko Kilwa Kivinje. Wako watakaoniambia kuwa kazi yenyewe haifai, na sitabishana nao. Babu mwenyewe, kabla hajaniruhusu kugusa mchanga, alinihifadhisha aya ya mwisho ya Sura ya Luqman, ile ya 34, inayosema kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho, wala hakuna ijuayo itafia ardhi gani. Nilidhani ananifundisha dini. Ilinichukua miaka kutambua kwamba alikuwa ananionyesha mipaka ya kazi: pesa ya kesho na kifo, vyote viwili vimetajwa kwa jina, vimetolewa nje ya sinia la mchanga. Lakini watu wanaokuja kwangu wanakuja kuuliza hayo hayo, pamoja na maradhi. Kwa hiyo nawasimulia vijana wanaoanza, wawe wa ramli, wa karata au wa viganja, habari ya yule mzee, maana humo ndimo nilimojifunza namna ya kusema.

Ilikuwa mwezi wa nane, mikorosho ina maua na watu wako mashambani wanapuliza salfa. Alikuja mwanamke kutoka upande wa Tandahimba, umri wa miaka arobaini hivi, binti mkubwa wa mzee huyo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Za huko?"

"Za huko nzuri. Nimekuja uniangalizie jambo la shamba la baba."

Kaka yake aliyeko Dar alitaka sehemu ya mikorosho iuzwe, yeye hataki, na mzee hajasema neno. Ndilo swali. Nikapiga bao.

Kwa asiyejua, bao la ramli ni hesabu. Unapiga mistari 16 ya nukta haraka, bila kuhesabu, halafu kila mstari unaufuta mbili mbili mpaka ibaki moja au mbili. Mistari minne inazaa umbo moja, kwa hiyo unapata maumbo manne ya kwanza, tunayaita mama. Ukiyasoma kwa ubavu unapata mabinti wanne. Ukijumlisha mawili mawili unapata wajukuu wanne, kisha mashahidi wawili, na mwisho kadhi. Maumbo 12 ya mwanzo yanakaa kwenye nyumba 12: ya kwanza nafsi, ya pili mali, ya nne baba na ardhi, ya sita maradhi, ya nane mauti, na kadhalika.

Kuna jambo moja ambalo hunifurahisha hadi leo. Kadhi lazima awe na jumla ya nukta shufwa. Akija na witiri, umekosea hesabu mahali, futa uanze upya. Si muujiza. Mabinti wametengenezwa kwa nukta zile zile za mama, zimegeuzwa tu, kwa hiyo ukijumlisha pande zote mbili lazima jumla igawanyike kwa mbili. Mchanga una njia ya kumsuta aliyeuhesabu vibaya. Maneno anayoyasema baada ya kuhesabu hayana kadhi.

Siku ile hesabu yangu ilikuwa safi. Nyumba ya nne ilikaa Tariki, umbo la nukta moja moja nne, kama nyayo za mtu mmoja njiani. Tariki ni njia, mwendo, jambo kuhama kutoka lilipo. Nami nikiwa namfikiria yule kaka wa Dar, nikaona picha kamili kichwani: mzee atapanda basi aende kwa mwanawe wayamalize. Nikamwambia binti, "Mzee ana safari."

Akanyamaza. Akauliza, "Safari ya karibu?"

Nikasema, "Haivuki msimu."

Alilipa ada, akaaga, akaondoka. Sikumuuliza kitu. Laiti ningemuuliza tu, "Mzee mwenyewe hajambo?" angeniambia kwamba anakohoa, wiki ya tatu sasa, na usiku anatokwa na jasho mpaka mkeka unalowa. Na mimi ningejua neno safari, kwa mtu mwenye baba wa namna hiyo, linasikika vipi. Sisi ndio tunaosema marehemu ametangulia, amesafiri, ameitikia wito. Tafsida zetu zote za kifo zina miguu. Huwezi kuliokota neno kama hilo na kulitupa mbele ya mtu mwenye mgonjwa halafu ukadai ulikuwa na maana ya basi.

Lakini hilo la kwanza lilikuwa uzembe. La pili lilikuwa baya zaidi, na hili vijana huwa hawapendi kulisikia. Baada ya siku nane alirudi. Amekonda macho. Aliketi, akavuruga vuruga pindo la kanga, akaniuliza, "Mwalimu, safari hiyo haiwezi kusogezwa?"

Hapo nilielewa. Nilielewa pale pale alichokisikia mara ya kwanza. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Mama, hukunielewa, na kosa ni langu, nilikuwa nasema habari ya Dar." Badala yake nikamwambia kafara ipo. Kuku mweusi, kaniki, ubani, na shilingi 60,000. Kuku tulimla.

Zile 60,000 na vitu vingine alivipata kwa kuuza korosho zikiwa bado ni maua. Wenzetu wa nje ya kusini huenda hawaijui kangomba: mlanguzi anakupa pesa leo, nawe unamwahidi korosho zikianguka, kwa bei yake. Ni marufuku, na kila mtu anajua nani anaifanya. Aliuza magunia mawili kwa bei isiyofika nusu ya ile wenzake waliyolipwa mnadani baadaye. Kwa pesa hiyo ikanunuliwa kafara, ikanunuliwa sanda, na zikatumwa nauli za wadogo zake waje wamuage baba.

Wakaja, wakalala naye nyumba moja, wajukuu wawili chumba kimoja naye, kwa sababu kila mtu alitaka kuwa karibu. Na katika nyumba iliyojaa watu wazima wenye akili zao, hakuna aliyesema tumpeleke hospitali. Nimelitafakari sana jambo hili. Hawakuwa wajinga, wala hawakukosa upendo. Walikuwa wameambiwa mwisho, na mtu aliyeambiwa mwisho haulizi tena katikati kuna nini. Watu hudhani utabiri wa kifo unaumiza kwa sababu unatisha. Unatisha, ndiyo, lakini hofu ingeweza hata kumkimbiza mtu zahanati. Kinachoua ni kwamba unasimamisha kutafuta.

Aliyeokoa ni yule kaka wa Dar, aliyefika wa mwisho na ambaye habari ya bao hakuwa ameambiwa. Alimwona baba hali chakula, anakohoa, akakasirika, akamtia kwenye gari mpaka hospitali. Wakachukua makohozi. Kifua kikuu. Vidonge vya miezi sita, bure, kama vitolewavyo nchi nzima. Wale wajukuu na wao wakapimwa, kama inavyotakiwa kwa kila aliyelala na mgonjwa nyumba moja, na mmoja akaanzishiwa dawa.

Sasa mtu angedhani hapo sifa yangu ilikufa. Mzee hakufa, msimu ulipita, neno langu limeanguka. Wapi. Binti alikuja na jogoo mkubwa na mkungu wa ndizi. "Kafara imejibu, mwalimu." Na tangu siku hiyo nikawa mtu wa nyumba yake. Alinipigia kabla ya kununua mbuzi. Alinipigia kabla ya kupanda basi. Siku moja tukiwa kwenye simu nilisikia kikombe kinavunjika upande wake na sauti ya mtoto ikisema, "Mama, muulize mwalimu ina maana gani." Mtoto yule hakuwa amefika miaka saba.

Utabiri wa msiba, kwa mtabiri asiye na haya, hauwezi kushindwa. Msiba ukitokea, alisema. Usipotokea, kafara yake imezuia. Ukiona neno lako lina njia mbili za kushinda na halina hata moja ya kushindwa, ujue hujatazamia kitu, umemfunga mtu kamba.

Baada ya hapo nilianza kusikiliza namna ninavyoongea, kama mtu asikiaye sauti yake kwenye kinasa kwa mara ya kwanza. Nikagundua kwamba ugonjwa wangu ulikuwa kwenye vitenzi.

Kwanza kabisa ni hiyo -ta-. Utapona, utapata, atarudi, hatavuka. Tunaipenda kwa sababu inatufanya tuonekane tunajua, na mteja anaipenda kwa sababu amelipia kujua. Lakini -ta- inamweka mteja mahali pa kungoja. Haina nafasi yake yeye ya kufanya jambo. Mimi leo, kwa mwili, kwa kifo na kwa pesa, siitumii kabisa. Natumia hu- kwa umbo na -ki- kwa mtu. "Tariki kwenye nyumba ya baba na ardhi huonyesha jambo linalohama." Hilo ni la umbo, ndivyo wazee walivyolisoma, halijasema kitu juu ya baba wa mtu. Kisha, "Mkikaa na mzee mkamuuliza anachotaka, jambo la shamba linaweza kutoka lilipokwama." Hapo mlango uko mkononi mwake.

Nimeacha pia kusema "naona." Sioni kitu. Nahesabu nukta. Nikisema "bao linasomeka hivi" mtu anaweza kuniuliza linasomeka wapi, nikamwonyesha kwa kidole. Nikisema "naona" ameishia hapo, maana nani atabishana na macho yangu.

Halafu kuna kutendwa. Umbo linaloitwa Ukla maana yake kifungo, na likikaa nyumba ya nafsi mtazamiaji mvivu husema, "Umefungwa." Sikiliza Kiswahili chenyewe kinavyofanya kazi: ukisema umefungwa, sentensi haijaisha, inadai na nani. Mteja hata hajui kwamba amedai. Atauliza, na wewe sasa utalazimika kumpa mtu. "Umefanyiwa" ni vivyo hivyo. Lakini lugha yetu imetupa na neno jingine: mambo yamekwama. Kukwama hakuna mkwamishaji. Gari limekwama kwenye mchanga, tunatafuta jembe, hatutafuti mchawi.

Sisemi hili kwa kupamba. Hiyo "na nani" ndiyo iliyoleta tunachokiita ramli chonganishi, na vikongwe wameuawa katika nchi hii kwa sababu ya macho mekundu na neno moja la mpiga bao. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza marufuku juu yetu sote bila kuchambua, na sikuweza kulalamika. Kumtaja mtu kwamba ni mchawi ni kosa kisheria tangu enzi za mkoloni. Na wajanja wanadhani wameepa kwa kutotaja jina. "Kuna mtu wa karibu, mfupi, maji ya kunde." Katika kijiji cha kaya sitini hilo ni jina na ukoo.

Na ipo -nge-, ambayo sikuwahi kuisikia ubaya wake mpaka nilipoisikia ikisemwa na mwenzangu kwa mama aliyefiwa na mtoto wa degedege. "Ungekuja mapema ningemwahi." Yule mama atalala na silabi hiyo maisha yake yote. Na uongo wake ni mkubwa kuliko ukatili wake, maana mtoto mwenye homa anayekakamaa alitakiwa kuwahishwa zahanati akapimwe malaria, wala si kwake yeye. Huku kwetu degedege limeitwa la ndege na la mashetani kwa miaka mingi, na mtazamiaji ndiye huwa wa kwanza kuletewa. Kwangu mimi sinia halishuki. Mtoto akikakamaa, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea haamki vizuri, sentensi ninayoisema ni moja na haina bao ndani yake: mpelekeni sasa hivi, mimi natafuta pikipiki.

Nimejaribu mara nyingi kuirudia ile siku ya mwezi wa nane, bao lile lile, Tariki nyumba ile ile ya nne, na kuisema upya. Huwa inakwenda hivi. Kabla ya mchanga namuuliza binti habari za watu wa nyumbani, mmoja mmoja, mpaka kikohozi kitokee. Nikikisikia namuuliza tangu lini. Akisema wiki ya tatu naweka mkono juu ya sinia. "Mama, hili halimo humu. Kikohozi cha wiki mbili kinapimwa makohozi, zahanati ya kwenu inajua pa kuyapeleka, na hulipi. Nenda na mzee kesho. Mimi na wewe tuzungumze shamba." Kisha napiga bao la shamba, na nikifika kwenye nyumba ya nne nasema, "Hapa pana umbo la njia. Wazee husoma jambo la ardhi linalotaka mtu asogee, amfuate mwenzake wazungumze. Simaanishi maradhi ya mzee, na simaanishi kifo. Nimesema hivyo wazi ili usiende nalo nyumbani." Hiyo ya mwisho watu huona ni ya kuzidi, kwamba unataja kifo ambacho mteja hakukitaja. Lakini kama ana mgonjwa ameshakitaja, moyoni, kabla hajaketi. Na kabla hajaondoka namwomba anirudishie: "Ukifika nyumbani ukiulizwa mwalimu kasemaje, utawaambia nini?" Utashangaa. Mara tatu kwa kumi, kinachorudi sicho nilichosema, na ndipo narekebisha hapo hapo barazani, kabla hakijapanda basi.

Watu hukosea wakidhani hatari ni habari mbaya tu. Mzee alipofika mwezi wa tatu wa vidonge alikuwa amenenepa, anakwenda msikitini kwa miguu yake. Binti akapiga simu, furaha tupu. "Mwalimu, mzee amepona. Anasema vidonge vinamchosha. Hebu angalia, aache?"

Bao lolote ningepiga siku hiyo lingekuwa sumu. Likitoka zuri, anaacha, na kifua kikuu kilichoachwa katikati hurudi, na mara nyingine hurudi kikiwa hakisikii dawa za kwanza. Likitoka baya, anaendelea kumeza, lakini kwa kuniogopa mimi, na siku nyingine bao likiwa zuri ataacha. Nikamwambia, "Jambo lenye daktari silipigii bao. Vidonge ni miezi sita, aulizwe aliyempa." Alinuna. Alidhani nimemkasirikia, au ada haitoshi, akaongeza. Hii ndiyo shida ya kumkatalia mtu uliyemzoesha: kila kukataa kwako anakisoma kama ishara.

Kwa pesa ni hivyo hivyo. Msimu uliofuata alitaka kujua auze kangomba au angoje mnada. Tuseme nyumba ya pili imekaa vizuri kuliko zote, nikamwambia, "Utapata." Anakwenda dukani kukopa mabati kwa neno langu. Bei ya mnada inatokana na wanunuzi wangapi wamejitokeza na wametaja bei gani, na malipo yanapitia chama cha msingi yakija siku yanapokuja. Mchanga wa Mikindani haujui lolote katika hayo. Kilichobaki kwangu ni maswali ambayo hata jirani angemuuliza. Una deni gani, la tarehe ngapi? Ukiweka ghalani, mtakula nini mpaka pesa iingie? Aliyajibu, akahesabu kwa vidole, akaona mahindi aliyonayo yanamfikisha. Akaamua mwenyewe kungoja. Niliona raha isiyo na kifani kwa sababu katika uamuzi ule sikuwamo.

Kumtoa mtu kwenye utegemezi si kumfukuza. Nilijiwekea kwamba swali moja lina bao moja, na halirudiwi mpaka kitu kibadilike: barua imekuja, mtu amerudi, msimu umegeuka. Babu alikuwa na desturi hiyo, sisi tuliiacha kwa sababu kila kurudia kuna ada. Nikaacha kumwambia mtu "urudi Alhamisi." Na kafara ya jambo nililolitabiri mimi mwenyewe siuzi tena, hata kidogo. Huwezi kuwa wewe ndiye unayetangaza moto na wewe ndiye muuza maji.

Zile 60,000 niliamua kuzirudisha. Nikamtumia 30,000 kwa simu, bila neno, nikijiona nimefanya la maana. Baada ya dakika kumi simu ikalia, anatetemeka. "Mwalimu, mbona unairudisha kafara? Baba amefanya nini?"

Kumbe hata kimya ni utabiri, ukishamzoesha mtu kukusoma.

Kesho yake nikapanda basi mpaka Tandahimba. Nilimkuta mzee chini ya mkorosho wa uani, yuko mwezi wa mwisho wa dawa, anasuka kamba. Nikamsalimu, nikakaa chini, nikamwita binti naye akae. Nikaeleza yote: Tariki, kaka wa Dar, basi, na lile la pili, kwamba alipokuja mara ya pili nilielewa na nikanyamaza kwa ajili ya pesa. Nikaiweka ile 30,000 iliyobaki mkekani. Binti alikuwa analia. Mzee alikuwa ananitazama.

"Kwa hiyo safari yenyewe," akasema, "ilikuwa ya Dar?"

"Nilidhani ni ya Dar, mzee."

"Kwa huyu mwanangu?"

"Kwa huyo huyo."

"Na nauli ilikuwa itoke wapi? Hilo bao lako halikusema?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamkumbuka. Alipotulia alimtuma binti akalete ile sanda kwenye kasha. Ikaletwa. Akaifungua mapajani, akaupima upana wake kwa shubiri, akausugua uzi kwa vidole viwili, kama mtu aliyewahi kuuza vitambaa, akamuuliza aliinunua kwa bei gani. Binti akamtajia.

"Umepigwa," mzee akasema, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile. "Irudishe. Lakini usiiweke chini ya kanga za mama yako, iweke juu, nisihangaike tena kutafuta kadi."